Mikrotesla 22

Nilipokuwa mwaka wa pili wa masomo ya fizikia, mwalimu wetu wa maabara alitukabidhi, mimi na mwenzangu mmoja, sindano ya dira iliyotolewa ndani ya kisanduku chake, uzi mwembamba wa hariri na jozi ya koili, kisha akatuagiza tupime nguvu ya uga wa sumaku wa dunia, sehemu yake ya mlalo. Mwenzangu alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeifunga sindano katikati hadi ikaning'inia sawasawa, bila ncha moja kuinama. Mimi nilishika daftari na saa ya kuhesabia sekunde.

Sindano iliyoachwa huru hulala kufuata uga uliopo. Ukiigusa ikaenda upande kidogo, uga huivuta irudi, nayo kwa kasi iliyokwisha kuipata huupita mstari wake, huvutwa tena kutoka upande wa pili, na hivyo huendelea kubembea. Uga ukiwa na nguvu zaidi, mvuto huo huwa mkali zaidi na mbembeo huwa wa haraka zaidi. Muda wa mbembeo mmoja kamili, kwenda na kurudi, ni T = 2π√(I/(mB)), ambapo I ni inersia ya sindano inapozungushwa, m ni momenti yake ya sumaku, na B ni uga wa mahali ilipo. Kwa hiyo ukihesabu mibembeo kwa sekunde na kuizidisha idadi hiyo kwa yenyewe, unapata kitu kinachokua sambamba na uga. Kwa njia hiyo mwanasayansi na msafiri Humboldt alilinganisha Paris na Peru: sindano yake, iliyobembea katika wima, ilifanya mibembeo 245 kwa dakika 10 Paris, na 211 tu karibu na ikweta ya sumaku huko Peru. Mraba wa uwiano huo ni kama 1.35, kwa maana kwamba uga wa Paris ulizidi ule wa Peru kwa zaidi ya theluthi.

Lakini Humboldt alipata uwiano tu, kwa sababu hakuijua m ya sindano yake. Sisi pia hatukuijua yetu. Hapo ndipo koili zilipohitajika. Zilikuwa na mizunguko 20 kila moja na nusu kipenyo cha sentimita 15, zimesimamishwa zikitazamana kwa umbali wa sentimita 15, na hesabu ilionyesha kwamba katikati yake kila miliampea 100 ilizalisha uga wa mikrotesla 12. Tulizielekeza ili uga wake ufuate mstari uleule wa sindano, tukaongeza mkondo hatua kwa hatua, na kila hatua tukapima mibembeo 20.

Jaribio la kwanza tuliliharibu wenyewe. Mwenzangu aliisukuma sindano hadi nyuzi 60 hivi ili ibembee kwa muda mrefu, na nikashangaa kuona mibembeo 10 ya mwanzo inachukua muda mrefu kuliko 10 ya mwisho, ilhali hakuna tulichobadilisha. Kanuni niliyoandika hapo juu ni ya mbembeo mdogo. Kwa nyuzi 60 muda hurefuka kwa takriban asilimia 7, na kwa kuwa uga hutokana na mraba, kosa katika jibu huwa karibu mara mbili ya hilo. Kwa nyuzi 10 kosa la muda ni kama sehemu 2 kwa 1,000. Tukaanza upya, safari hii tukiisogeza sindano kwa kipande kidogo cha sumaku kilicholetwa karibu kidogo kisha kikapelekwa mbali kabla ya kuanza kuhesabu.

Bila mkondo, mibembeo 20 ilichukua sekunde 46.7. Kwa miliampea 100 ilichukua 37.6, kwa 200 ikawa 32.3, na kwa 300 ikawa 28.8. Miraba ya idadi ya mibembeo kwa sekunde ilikuwa 0.183, 0.283, 0.383 na 0.482. Nilipoziweka nukta hizo kwenye grafu, rula ilizipitia zote bila kuacha hata moja pembeni. Mstari ulikata mhimili wa mkondo kwenye miliampea 183 upande wa hasi, yaani mkondo unaotosha kuufuta uga wa mahali pale, na huo ni sawa na mikrotesla 22. Kwa kujiamini kupita kiasi tukageuza mkondo kuona kama ni kweli. Kwenye miliampea 150 sindano ilizubaa, ikibembea mara moja kwa zaidi ya sekunde 5. Tulipofika 180 na ushei ilielea upande kana kwamba haijui pa kwenda, kisha ikageuka taratibu, ncha ya kaskazini ikatazama kusini.

Mwalimu aliitazama grafu kwa muda, akasema, "Kazi nzuri. Ila modeli ya uga wa dunia inatoa mikrotesla 30 kwa mahali hapa."

"Mwalimu, mstari umenyooka," nilijibu, nadhani kwa ukali kidogo.

"Nauona. Unyoofu wake unakuambia nini?"

Nilishuku uzi kwanza, kwa kuwa msokoto wake nao huirudisha sindano. Tulitundika kijiti cha shaba chenye urefu na uzito uleule. Mbembeo wake mmoja ulizidi dakika nzima, kwa hiyo mchango wa uzi haukufika hata sehemu 2 kwa 1,000. Isitoshe, msokoto ungeongeza jibu, ilhali letu lilikuwa dogo mno. Koili nazo zingekuwa zimekaa upande, uga wake na ule wa mahali visingejumlishwa moja kwa moja, na nukta zingepinda.

Mwenzangu ndiye aliyependekeza tuondoe koili na kuinyanyua sindano. Tulipanga vitabu mezani, tukaipandisha sentimita 30, tukahesabu tena bila mkondo: mibembeo 20, sekunde 43.1. Uga wa dunia haubadiliki kwa kimo cha vitabu. Niliinama chini ya meza na kupapasa ubao. Vidole vyangu vilikutana na ubapa wa chuma uliofungwa kwa skrubu chini kabisa ya mahali pa koili, umepakwa rangi ileile ya mbao.

Tulihamia kwenye kigoda cha mbao katikati ya uwanja, mbali na kuta, tukazielekeza koili upya, kwa sababu chuma kilikuwa kimepotosha pia mwelekeo wa sindano. Mibembeo 20 bila mkondo ilichukua sekunde 40.2. Mwinamo wa mstari ulibaki 0.10 kwa kila miliampea 100, kama ulivyokuwa mezani, maana mwinamo hutegemea sindano na koili tu. Sindano haikuwa imepoteza sumaku yake. Kilichohama ni pale mstari ulipokata mhimili: miliampea 247, mikrotesla 29.6.

Nilitaka kuchana ukurasa wa mikrotesla 22. Mwalimu alinizuia, akachukua kalamu yangu, akakata maneno "uga wa dunia" kwenye kichwa cha ukurasa ule na kuandika juu yake "uga wa hapa mezani", kisha akayasahihisha majibu yote mawili kwa alama ya vema.