Sili 240 nilizoziweka pembeni

Niliposhika stoo ya kiwanda chetu cha kuunganisha pampu za maji, nilikuta vifaa vimerundikana hadi kwenye ujia. Kwa miaka miwili nilifanya kazi ya kupunguza, mpaka tukafika mahali ambapo karibu kila kifaa kinaingia siku chache tu kabla ya kufungwa kwenye pampu. Stoo ikapumua, na fedha zilizokuwa zimelala kwenye rafu zikarudi kwenye mzunguko. Hadi leo nauamini mfumo huo.

Kilichotusimamisha ni sili ya shafti. Ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani: pete ya kaboni, pete ya seramiki, springi na mpira. Kazi yake ni kuzuia maji yasipenye kufuata shafti na kuingia kwenye mota. Sili hufungwa kabla ya impela na ganda la mbele, kwa hiyo ikikosekana huwezi kuendelea na mengine ukairudia baadaye. Pampu yote inakusubiri.

Tulikuwa tunaunganisha pampu 60 kwa siku. Msambazaji wa sili alikuwa mmoja, na alituambia mzigo huchukua siku tano za kazi. Nikapiga hesabu: 60 mara 5 ni 300, nikaongeza 30 za nusu siku kama akiba. Sili zikishuka hadi 330, naagiza nyingine 300. Hesabu hiyo ilikwenda vizuri kwa miezi, hadi oda moja ilipochukua siku tisa. Katikati ya siku ya sita boksi lilikuwa tupu, na mafundi wakakaa siku tatu na nusu. Pampu 210 hazikutengenezwa.

Siku ya saba tulifanya kosa lililotuumiza kuliko kule kusimama. Tulinunua sili kwa muuzaji mwingine kwa sababu kipenyo cha shafti kilikuwa kilekile. Hatukupima urefu wa springi ikishabanwa. Springi yake ilikuwa fupi, pete mbili hazikukandamizana sawasawa, na pampu zote 12 tulizozijaribu zikavuja kwenye tangi la majaribio.

Mambo yalipotulia nilitoa karatasi za oda 20 za mwisho, nikaandika tarehe ya kuagiza na ya kupokea kwa kila moja. Oda 17 zilichukua siku tano, mbili zikachukua saba, na moja tisa. Wastani ni siku 5.4. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka: wastani ulionyesha akiba ya nusu siku inatosha. Lakini mstari hausimamishwi na wastani, unasimamishwa na ile oda moja. Na ucheleweshaji una upande mmoja tu: mzigo wa siku tano haufiki siku ya kwanza, ila unaweza kufika ya tisa.

Toyota, walioujenga mfumo huu, waliyaona hayo kwa ukubwa zaidi. Februari 1997 kiwanda cha Aisin kiliungua, nacho ndicho kilichowapa karibu vali zote za breki za aina fulani. Walikuwa na akiba ndogo tu, na viwanda vyao vya magari Japani vikasimama kwa siku kadhaa.

Sikurudisha marundo. Ganda la pampu ni zito, linakula nafasi, na anayelileta yuko karibu. Hilo niliacha liendelee kuja kila siku. Sili ni kinyume chake: ndogo, ya bei nafuu, ya msambazaji mmoja, na inasimamisha kila kitu. Kwa hiyo kiwango chake cha kuagiza nilikipandisha hadi 540, yaani siku tisa. Sili 240 za ziada zinaenea kwenye rafu moja. Mpira wake huzeeka, kwa hiyo mzigo mpya huingia nyuma na wa zamani hutoka kwanza.

Akiba hiyo ina hatari ya kuliwa kimyakimya. Nilizungushia boksi lake utepe mwekundu, na anayeugusa lazima aniambie siku hiyohiyo. Pia niliacha kumpigia msambazaji siku ya tano. Sasa nampigia siku ya pili na kumuuliza swali moja: mzigo umeshatoka ghalani kwako? Akijibu kwamba unaandaliwa, nahesabu umechelewa, na mpango wa kazi tunaubadilisha tukiwa bado na nafasi.

Baadaye oda nyingine ilichelewa. Siku ya pili ulikuwa "unaandaliwa", siku ya sita tukakata utepe, na gari likafika mwisho wa siku ya nane. Kwenye boksi zilibaki sili 60, na mafundi walikuwa wanaendelea kufunga.