Kitabu, kalamu na barua ya Stanley

Jumapili jioni, umeme umekatika tangu saa kumi, na mpwa wangu ana mtihani wa Masomo ya Jamii Jumanne. Yuko darasa la sita. Amekuja na kitabu chake chenye jalada lililofungwa gazeti, akakaa karibu na taa ya sola, akasema, "Mjomba, nisomee maswali, mimi nijibu."

Nikaanza kusoma maswali. Baada ya la tatu nikarudi nyuma, nikasoma sura yenyewe.

Sura hiyo inaeleza jinsi Uganda ilivyoanza. Inakwenda hivi kwa ufupi: Speke alifika kwa Kabaka Muteesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1862. Stanley akafika 1875, na Kabaka akaandika barua kuwaita wamisionari. Waanglikana wakafika 1877, Wakatoliki 1879, wakaleta dini, kusoma na kuandika. Mwaka 1894 Uganda ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza. Waarabu wanapata mstari mmoja: walileta biashara ya watumwa.

Hakuna uongo wa wazi humo. Kila mwaka uliotajwa ni wa kweli. Ndiyo maana nilichelewa kuona kinachonikera, mpaka nilipochukua penseli ya mtoto na kupiga mstari chini ya kila mtu anayetenda jambo. Speke alifika, Stanley alifika, wamisionari walileta, Waingereza walilinda. Katika kurasa mbili, Muteesa anatenda mara moja tu: anaandika barua.

Nikamuuliza mpwa wangu, "Kitabu kwa Kiganda kinaitwaje?"

"Ekitabo."

"Kalamu?"

"Ekkalaamu."

"Na saa?"

"Essaawa." Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Mjomba, hayo si Kiswahili?"

Sisi nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu marehemu baba alikuwa askari na tulikulia kambini. Kiganda mtoto amekiokota mtaani na shuleni. Hakuwahi kuyaweka maneno hayo bega kwa bega. Nikamwambia afikirie mwenyewe: kama kusoma na kuandika kulikuja na Wazungu 1877, mbona Waganda wanaita kitabu na kalamu kwa maneno ya Mwambao, yaliyotoka Kiarabu? Neno husafiri pamoja na kitu. Waliolileta neno walikuwa wametangulia.

Na kweli walitangulia. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1844, enzi za Kabaka Suna, baba yake Muteesa, alipofika mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim akitokea upande wa Unguja. Kutoka 1844 hadi Speke ni miaka 18. Muteesa mwenyewe alianza kufunga Ramadhani mnamo 1867, akajifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu, na Kiswahili kilikuwa kikisikika kwenye baraza lake. Hata jina la nchi ni letu: wenyewe wanasema Buganda, wafanyabiashara wa pwani wakasema Uganda kama walivyosema Unyamwezi na Ugogo, na Wazungu waliofuata njia zao wakaliandika hivyo kwenye ramani. Kitabu kinalitaja jina hilo kila mstari wa tatu bila kuuliza limetoka wapi.

Sasa hiyo barua. Swali la kwanza kwenye zoezi linamtaka mtoto ataje sababu nne zilizomfanya Muteesa aandike kuwaalika wamisionari. Ukilijibu swali umeshakubali kwamba aliandika. Lakini barua ile ya Aprili 1875, iliyochapishwa na gazeti la Daily Telegraph la London mwezi Novemba, iliandikwa na Stanley, kwa maneno yake na kwa jina lake. Yeye ndiye aliyesema kwamba Kabaka anataka walimu. Yawezekana kabisa Muteesa aliwataka, ila tunamsikia kupitia mdomo wa mtu aliyekuwa na gazeti la kulisha. Halafu wao wawili waliongea kwa lugha gani? Stanley alikuwa na Kiswahili, Muteesa alikuwa na Kiswahili. Aliyesaidia kutafsiri mambo ya Biblia alikuwa kijana aitwaye Dallington Maftaa, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa na wamisionari Unguja. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki ikulu akimsomea Kabaka na kumwandikia barua. Kwa hiyo kama ni mwalimu wa Kikristo wa kwanza kukaa Buganda, alikuwa Mwafrika, na alifika miaka miwili kabla ya 1877. Kitabu hakimjui.

Kuna sababu ambayo ingemfaa mtoto kwenye jibu lake, nayo ni Misri. Wakati ule majeshi ya Misri yalikuwa yakishuka kutoka kaskazini kwa njia ya Nile, na Muteesa alitaka marafiki wenye bunduki. Ukiijua hiyo, Kabaka anakuwa mfalme anayepiga hesabu zake, si mtu aliyekaa gizani akingoja taa.

Lililonisumbua zaidi liko sura inayofuata, ya mashahidi wa Namugongo. Kitabu kinawahesabu vizuri: Wakatoliki 22, Waanglikana 23, waliouawa na Kabaka Mwanga, mwana na mrithi wa Muteesa, kati ya 1885 na 1887. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa, barabara ya Namugongo hujaa mahujaji. Lakini takriban miaka kumi kabla yao, mnamo 1876, Muteesa aliwaua vijana Waislamu wapatao 70 wa ikulu yake. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, na walikataa kuswali nyuma ya Kabaka ambaye naye hakuwa ametahiriwa. Wengi walichomwa Namugongo hapo hapo. Hawana hata nusu sentensi. Nadhani hawakusahaulika kwa bahati mbaya. Kisa chao kinaivunja hadithi, kwa sababu Muteesa wa kitabu ni mpole aliyefungua mlango, na Mwanga ndiye muuaji. Ukiwataja wale 70, mgawanyo huo hausimami.

Hapo nikajikuta nimepandwa na jazba, nahutubia. Dada yangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Na watumwa je, kaka? Huo mstari wa Waarabu ni uongo?"

Si uongo. Bunduki na vitambaa vya pwani vilinunuliwa kwa pembe za ndovu na kwa watu, na wengi wa wanunuzi hawakuwa Waarabu bali Waswahili wenzetu. Neno "Waarabu" linatusaidia kujificha. Babu alipotusimulia habari za misafara alisema vitambaa, shanga, Kurani, chumvi. Watu waliofungwa kamba hawakuwamo. Naye alikuwa na penseli yake ya kufuta. Na waliouza mateka upande wa huku walikuwa wakuu wa huku, jambo ambalo kitabu pia kimeliruka.

Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kusinzia. Akaniuliza lililokuwa moyoni mwake: "Sasa Jumanne niandike nini? Mwalimu anataka sababu nne."

Nikamwambia aandike zile za kitabu tatu, na ya nne aweke Misri, hiyo hata msahihishaji mkali hawezi kuikata. Kuhusu barua, aandike "Stanley aliandika kwa niaba ya Muteesa". Akaliangalia sana hilo.

"Atanikata alama moja."

"Pengine."

Akachukua penseli, akaandika 1844 kwa herufi ndogo pembeni mwa ukurasa, juu ya Speke. Kisha akakumbuka kitabu ni cha shule na kitarudishwa mwisho wa muhula, akaanza kutafuta kifutio.