Jinsi tulivyofunga gata za shangazi, Mikindani

Shangazi alitaka maji ya paa yaingie kwenye tangi pembeni mwa sebule. Upande ule wa nyumba una urefu wa mita 12, na kitako cha tangi kilikuwa bado hakijajengwa, kwa hiyo nikataka kwanza nijue fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa unaofungiwa gata, imelalaje.

Kwa macho ubao ulionekana umenyooka. Tukachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukaujaza maji mpaka viputo vyote vikatoka. Fundi akashika ncha moja jikoni, mimi nyingine sebuleni. Maji yalipotulia tukaweka alama kila upande, kisha tukapima kutoka alama hadi ukingo wa chini wa ubao. Upande wa jikoni ulikuwa chini kwa milimita 20.

Mteremko tuliotaka ni milimita 3 kwa kila mita, yaani 36 kwa mita 12. Kama ungepima hizo 36 kwa kufuata ubao kuelekea sebuleni, mteremko halisi ungekuwa 16 tu, na maji yangetuama penye mbonyeo wowote. Ukitaka 36 za kweli, breketi ya mwisho inashuka milimita 56 ikilinganishwa na ubao. Hapo gata inakuwa mbali mno na bati, na mvua kubwa inaruka juu yake.

"Shangazi, tangi tulihamishie jikoni," nikamwambia. Akakubali, maana ndiko maji yanakotumika zaidi. Ubao wenyewe ulishatupa milimita 20. Tukabakiza 16 za kuongeza.

Tulifunga breketi ya juu sebuleni na ya chini jikoni, tukavuta uzi wa nailoni kati yake mpaka ukakaza. Breketi za kati zote zinafuata uzi, kila sentimita 60. Sehemu moja ubao ulikuwa umeingia ndani, tukaweka kipande chembamba cha mbao nyuma ya breketi mpaka ikagusa uzi. Pia tuliongeza breketi kila upande wa kiungio na karibu na tundu la kushushia, kwa sababu hapo ndipo uzito wa maji unapovuta. Tulitumia skrubu zisizoshika kutu, si misumari: ubao ukilowa na kukauka msumari hulegea, na chumvi ya bahari huula haraka.

Ndani ya viungio usisukume gata mpaka mwisho. Plastiki hurefuka kwa jua. Kipande cha mita 4 kinaweza kuongezeka milimita 7 hivi. Viungio vyenye mpira tuliviachia nafasi hiyo.

Bomba la kushushia ni la inchi 3. Kila bomba la juu linaingia ndani ya la chini, ili maji yasitoke penye maungio, na limebanwa ukutani kwa vibanio.

Kabla ya kuunganisha na tangi, fundi alimwaga ndoo ya maji upande wa sebuleni. Yalifika jikoni yote, isipokuwa kidimbwi kidogo karibu na kiungio cha pili. Tukalegeza breketi moja, tukaipandisha hadi kwenye uzi, tukamwaga tena.