Swali langu la utafiti limekaa sawa

Wiki tatu nilikuwa na sentensi moja daftarini: "Watoto wachanga wodini wanapata baridi." Nilikuwa nimemshika mmoja muda mfupi baada ya kuogeshwa, nyayo zake baridi kabisa, na ile hali haikunitoka.

Msimamizi wangu alisoma, akauliza, "Watoto gani? Baridi kwa kipimo gani? Ukilinganisha na nini?" Nikaanza upya kwa PICO, mfumo wa kugawa swali la utafiti katika sehemu nne. Wahusika: waliozaliwa kwa mimba iliyotimia, wenye kilo 2.5 au zaidi, kwa sababu njiti hupoteza joto haraka zaidi na wangevuruga ulinganisho. Afua: kuogeshwa baada ya saa 24, kama WHO inavyoshauri. Ulinganisho: kuogeshwa ndani ya saa 6. Matokeo: joto la kwapani chini ya 36.5°C.

Hapo kwenye matokeo ndipo nilipokwama. Nilipanga kupima saa moja baada ya kuoga. Dada mmoja wa wodi ya wazazi akaniambia, "Mdogo wangu, hapo utalinganisha mtoto wa saa tano na wa siku nzima." Kweli! Joto hubadilika sana saa za mwanzo. Sasa wote watapimwa kwa saa zilezile tangu kuzaliwa.

Swali limekuwa hivi: Je, kwa watoto wa mimba iliyotimia wenye kilo 2.5 au zaidi, kuogeshwa baada ya saa 24 badala ya ndani ya saa 6 kunahusiana na wachache zaidi kushuka chini ya 36.5°C katika siku ya kwanza?

Nimeandika "kunahusiana" kwa makusudi. Mimi nitaangalia tu, sipangi nani aogeshwe lini.