Siku ya kununua kitanda Malindi

Saa 1 asubuhi

Nasimamia nyumba ya vyumba vya kukodisha huku Shella, Malindi. Leo natafuta kitanda cha futi 5 kwa 6 cha chumba cha juu. Kabla ya kutoka napima mlango na ngazi. Ngazi yetu inapinda katikati, kwa hiyo kitanda kilichopigiliwa misumari kikawa kitu kimoja hakitapanda hata kikipendeza vipi. Lazima mifumbati ifungwe kwa bolti, ifunguliwe chini na kufungwa tena juu.

Saa 2

Napitia kwanza kwa wauza mbao, wala sinunui chochote. Nauliza bei ya mwarobaini kwa futi: ubao wa inchi 6 kwa 1 ni shilingi 85, mti wa 3 kwa 3 wa matendegu ni 110, na ubao mwembamba wa chaga ni 40. Naandika kwenye simu. Asiyejua bei ya mbao hana msingi wa kusema kitanda ni ghali au rahisi. Atabaki kubahatisha nusu ya bei aliyotajiwa, na hapo ama atamuudhi fundi au atapunjwa.

Saa 3

Karakana ya kwanza wananionyesha kitanda chekundu cha kung'aa, wanasema ni mvule. Nainama nitazame upande wa chini wa kitakizo, mahali ambapo rangi huwa haifiki. Mbao ni nyeupe. Sibishani na mtu mbele ya wateja wake. Nasema, "Ahsante kaka, kazi nimeiona, acha nizunguke kidogo," naye ananijibu karibu tena.

Karakana ya pili ni ya mzee mmoja na vijana wake wawili. Nasalimia, nauliza hali ya nyumbani, kisha nauliza kitanda. Anasema wazi kwamba ni mwarobaini. Mwarobaini unatufaa hapa pwani, kwa kuwa ni mgumu na wadudu hawaupendi sana, lakini ukikaushwa haraka hupinda na kupasuka. Matendegu na mifumbati naviona vimekaa sawa, na ulimi wa kitakizo umeingia tundu lake bila kujazwa vumbi la mbao na gundi.

Shida iko kwenye chaga. Naziinua moja moja. Sita ni nyepesi, na ukizigonga kwa kidole cha kati zinalia. Nne ni nzito, zina ubaridi, na mlio wake umezibwa. Tuko mwezi wa sita, masika ndiyo kwanza yameisha, na mbao zilizopasuliwa wakati wa mvua bado zina maji. Chaga mbichi ikikauka chini ya godoro husinyaa na kupinda, skrubu zinalegea, na mgeni analala kwenye kitanda kinacholia usiku kucha.

"Bei gani, baba?"

"Elfu 25, mwanangu."

Simjibu papo hapo. Naomba ruhusa ya kupima, napita na futi kamba. Mifumbati, vitakizo na mbao za mchagoni zinafika kama futi 60 za ubao wa inchi 6, yaani 5,100. Matendegu ni futi 12, karibu 1,300. Chaga 10 za futi 5 ni 2,000. Nikiongeza vipande vinavyotupwa, mbao zote ni kama 9,200. Vanishi, msasa, gundi, bolti na skrubu naweka 1,800. Ufundi wa siku mbili, 4,000. Hiyo ni elfu 15, na bado mzee ana kodi ya karakana na anastahili faida. Kwa hesabu yangu, elfu 18 ni bei ya haki kwetu sote. Chini ya elfu 15 ningekuwa naomba atoe mfukoni mwake, nami siombi hivyo.

"Kazi yako nzuri, baba, sina la kusema. Mkono wangu ndio haufiki huko. Nina elfu 16 na nusu."

Anacheka. "Hiyo ni mbao na jasho tu. Nipe 22."

Hapo sisemi kitanda ni kibaya. Namshika mkono tukaguse zile chaga nne pamoja. Anazigonga mwenyewe, anamwita kijana na kumuuliza zimetoka rundo gani. Kuanzia hapo mazungumzo yanabadilika, kwa sababu sasa tunatafuta dawa ya kitu tunachokiona wote wawili. Namwambia: badilisha hizi nne kwa mbao kavu, na skrubu za chaga zisiwe za chuma kitupu, maana upepo wa chumvi utazila; weka za shaba. Ukinifanyia hivyo napanda mpaka elfu 18.

"Elfu 19, na skrubu za shaba juu yangu."

"18 na nusu, baba, na leo jioni fundi wako akija kufunga kitanda aniangalie kiti kimoja kinachoyumba na mlango wa kabati."

Ananyamaza kidogo, kisha ananipa mkono. Ombi la kiti nililiweka makusudi mwishoni. Ukiomba matengenezo baada ya kulipa, unaomba fadhila. Ukiyaweka ndani ya bei kabla ya kupeana mkono, ni sehemu ya mapatano.

Naweka arbuni ya elfu 6 kwa M-Pesa. Anaandika risiti: kitanda, chaga nne mpya kavu, skrubu za shaba, kufungwa nyumbani, matengenezo mawili, salio 12,500 kikishafungwa. Usafiri hatukuuingiza, na nataka ujulikane mapema ni wa nani. Mwenye pikapu anataka 1,500. Mzee ananishauri nichukue mkokoteni kwa 600, kwa kuwa kitanda kitakuwa kimefunguliwa na njia ni tambarare. Nauliza swali ambalo wengi hulisahau: hiyo 600 inaishia getini au juu chumbani? Getini. Kupandisha ni 200 zaidi. Nakubali.

Saa 7 hadi saa 9

Chakula, swala, hesabu za umeme wa nyumba.

Saa 10 jioni

Mkokoteni unafika, mbao zimefungwa kwa magunia ili vanishi isichubuke. Kabla hazijapanda nagonga chaga zote kumi pale pale getini. Zinalia. Mbili rangi yake imepauka kuliko nyingine, lakini chini ya godoro hazionekani, kwa hiyo silisemi.

Kijana wa fundi anafunga mifumbati, anaweka kitanda sawa na ukuta, kisha anakaza bolti kwa kuvuka pembe, moja huku na nyingine kule, ili kisikae mshazari. Nakikalia ukingoni, nakisukuma. Hakilii.

Kiti kinamchukua muda kuliko nilivyodhani. Nilitarajia apige msumari. Badala yake anakivua mguu, anakwangua gundi ya zamani mpaka mbao ionekane, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya ile kuukuu, anapaka upya na kukaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. "Kisikaliwe mpaka kesho jioni, mama." Mlango wa kabati bawaba ya juu ilikuwa imelegea tu, anaziba tundu kwa njiti na gundi, anarudisha skrubu.

Saa 12

Natuma salio la 12,500 mbele yake, naye anampigia mzee kuthibitisha. Mzee anaomba kuongea nami. Anasema mwarobaini utaendelea kukauka, bolti zitalegea kidogo kaskazi ikianza, nimwite atume kijana azikaze bila malipo. Naongeza hilo kwenye risiti kwa mkono wangu na kijana anatia sahihi. Kisha namuuliza mzee bei ya meza mbili ndogo za pembeni, za mbao hizo hizo. Anasema nije nichague mbao mwenyewe.