Kutoka Aya Irini hadi Iznik: kwenye nyayo za ugomvi wa picha takatifu

Wengi wanaoingia ua wa kwanza wa kasri la Topkapi, Istanbul, hunyoosha moja kwa moja kwenda kutazama vito vya masultani. Kanisa la Aya Irini wanaliacha mkono wa kushoto. Nilikuwa na mpwa wangu, anayesoma chuo Bursa, mlokole asiyeona haya kumwambia mjomba wake Mkatoliki kwamba rozari na sanamu ya Bikira Maria ni mambo ya kuachwa. Tulipoingia ndani akatazama huku na huku, kisha akatabasamu.

"Mjomba, hili ndilo kanisa sasa. Kuta tupu."

Nikamwonyesha juu, mahali palipokuwa altare. Ile nusu-kuba imejaa dhahabu, na katikati yake umechorwa msalaba kwa mistari myeusi, umesimama juu ya ngazi chache. Hakuna Kristo, hakuna Mama wa Mungu, hakuna malaika. Ukiutazama vizuri utaona mikono ya msalaba imeshushwa kidogo kwenye ncha. Mafundi walijua kwamba juu ya ukuta uliopinda msalaba ulionyooka ungeonekana umekunjama, kwa hiyo waliupinda wao kwanza ili aliye chini auone umenyooka.

Msalaba ule haukuwekwa kwa kukosa mchoraji. Tetemeko la mwaka 740 lililibomoa kanisa hili, na aliyelijenga upya ni Kaisari Konstantino wa Tano, adui mkubwa wa picha takatifu kuliko makaisari wote wa Konstantinopoli, Istanbul ya zamani. Vita ya kuziondoa picha makanisani alikuwa ameianzisha baba yake, Leo wa Tatu, lakini mwana ndiye aliyeitafutia hoja.

Na hoja yake, niseme ukweli, ilikuwa kali kuliko tunavyosimuliwa kanisani. Watu hudhani wavunja-picha walikuwa na Kutoka sura ya 20 tu mkononi: usijifanyie sanamu ya kuchonga. Hiyo walikuwa nayo, lakini mwaka 754 maaskofu 338 waliokutana kwenye kasri la Hieria, ng'ambo ya Bosforo, walikwenda mbali zaidi. Walisema hivi: Kristo ni Mungu na ni mtu, nafsi moja. Ukimchora, umechora nini? Ukisema umechora ubinadamu wake peke yake, umemgawanya vipande viwili. Ukisema umechora na umungu wake, umeuzungushia mstari wa brashi Umungu usio na mipaka, ukauchanganya na mwili. Vyovyote utakavyojibu, umeingia kwenye uzushi uliokwisha kulaaniwa. Picha pekee ya kweli ya Kristo, wakasema, ni mkate na divai ya Ekaristi.

Mpwa wangu aliipenda hoja hiyo hadi alipofika kwenye Ekaristi. Hapo akanyamaza kidogo.

Ayasofya, iliyokuwa kanisa kuu la dola, iko hatua chache kutoka pale. Ni msikiti tena tangu mwaka 2020, na mgeni asiyekwenda kuswali hulipa euro 25 na kupandishwa ghorofani. Kule mbele, upande wa kibla, vitambaa vyeupe vimetundikwa ili wanaoswali wasiwe na picha mbele yao. Lakini ukitembea ghorofani ukatafuta pembe nzuri, unamwona: Bikira Maria ameketi, nguo ya buluu iliyoiva, Mtoto magotini, dhahabu pande zote. Vipande vya dhahabu ni vioo vidogo vyenye jani jembamba la dhahabu ndani yake. Kila ukisogea, mng'ao unahama.

Patriaki Fotio alihubiri juu ya mozaiki hii tarehe 29 Machi 867. Hesabu yenyewe inashangaza. Picha zilirudishwa rasmi kwa mara ya mwisho mwaka 843 na Malkia Theodora, lakini ilichukua miaka 24 hadi kanisa kuu la dola lipate sura hii mahali pake pa juu. Ukingoni mwa tao kulikuwa na maandishi yaliyosema kwamba picha walizoziangusha wadanganyifu, wafalme wachaji wamezirudisha. Yamebaki herufi chache tu mwanzoni na mwishoni.

Siku iliyofuata tukapanda boti ya Yenikapi hadi Yalova, kisha basi dogo lililopita Orhangazi na kuambaa na ziwa, mizeituni kila upande, hadi Iznik. Hii ndiyo Nisea. Mpwa alikuwa anaijua kwa sababu ya Kanuni ya Imani ya mwaka 325. Mtaguso wa mwaka 787, mkutano wa maaskofu ulioziruhusu picha tena baada ya Hieria, hakuwahi kuusikia.

Ulikuwa ufanyike Konstantinopoli. Mwaka 786 Malkia Irene aliwakusanya maaskofu katika Kanisa la Mitume, lakini askari wa kikosi cha walinzi, watu walioipenda kumbukumbu ya Konstantino wa Tano, wakaingia na panga na kikao kikavunjika. Irene hakugombana nao. Aliwatoa mjini kwa kisingizio cha vita upande wa Asia, akawanyang'anya silaha na kuwafukuza jeshini, kisha akaita mtaguso upya hapa Nisea, mbali na kambi zao.

Kanisa walimokutana bado lipo katikati ya mji. Leo ni msikiti, mdogo kuliko nilivyotarajia kwa maaskofu zaidi ya 300. Tulivua viatu, tukakaa pembeni kwenye zulia. Humo waliamua kwamba picha takatifu, za rangi, za mozaiki au za kitu kingine kinachofaa, ziwekwe makanisani na majumbani kama unavyowekwa msalaba. Zibusiwe, ziinamiwe, zifukiziwe ubani na kuwashiwa mishumaa. Ibada yenyewe ni ya Mungu peke yake, na heshima inayopewa picha humwendea aliyechorwa.

"Kama msalaba," mpwa akarudia.

Hapo ndipo penye jibu, nikamwambia. Konstantino aliondoa sura na kuacha msalaba, na watu wake waliubusu. Msalaba nao ni mbao, ni rangi, ni kioo. Ukikubali kwamba anayebusu mti haabudu mti, mlango umeshaufungua. Mtawa Yohane wa Damasko alikuwa ameyaandika hayo mapema: Mungu asiye na mwili hachoriki, lakini aliyezaliwa, akaonekana na kuguswa, ninamchora nilivyomwona. Aliweza kuandika bila hofu ya kaisari kwa sababu aliishi chini ya khalifa Mwislamu, ambako mkono wa Konstantinopoli haukufika.

Jioni tukatafuta mabaki ya Kanisa la Koimesis. Lilibomolewa mwaka 1922, imebaki misingi tu kwenye majani. Ila lilipigwa picha mwaka 1912, na nilikuwa nazo kwenye simu. Kwenye dhahabu ya nusu-kuba, nyuma ya Bikira aliyesimama, zinaonekana alama za mshono: Maria alikuwepo, akang'olewa ukawekwa msalaba, msalaba nao ukang'olewa akarudishwa Maria. Mpwa aliikuza picha hadi akaiona mikono ya msalaba pande mbili za nguo yake.

"Sasa mjomba, hao wa Hieria maneno yao yako wapi? Nataka kuyasoma mwenyewe, si kwa kinywa chako."

Vitabu vyao viliangamizwa. Tamko lao la mwaka 754 limesalia kwa sababu moja tu: katika kikao cha sita, ndani ya lile kanisa tulilovulia viatu, liliamriwa kusomwa kwa sauti, kipande kwa kipande, na kila kipande kikafuatwa na majibu. Aliyesimamishwa kulisoma ni Askofu Gregori wa Neokaisaria, ambaye huko Hieria alikuwa miongoni mwa viongozi.

"Kwa hiyo wakwenu ndio waliotutunzia."

"Walitaka kuwajibu."

"Nitumie basi," akasema, akatoa simu mfukoni.