Mapigo 104 Kitulo

Mdogo wangu alikuwa akikimbia kila alfajiri ufukweni Dar, na mapigo ya moyo wake anapoamka hayakuzidi 58 kwa dakika. Kwa hiyo Januari ile tulipokubaliana kukutana kwa mjomba kule Kitulo tuone maua ya masika, mtu niliyemhofia kwa ule mwinuko nilikuwa mimi mwenyewe.

Mimi nilikuwa Mbeya kikazi kwa siku tano. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nina mazoea ya kuhesabu mapigo kabla sijatoka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima. Dar huwa napata 62. Asubuhi ya kwanza Mbeya nilipata 70, na ya tano 64. Nilipopanda Kitulo yakaruka tena hadi 76, nikaingiwa na wasiwasi.

Aliyenituliza ni jirani wa mjomba, muuguzi mstaafu ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Nesi. Alinikaribisha kwa "kamwene", akanikalisha kigodani, akanisubirisha dakika kumi ndipo akachukua mkono wangu. Akaniambia kwamba kwenye uwanda ule wa mita 2,600 hewa ni nyepesi, na kila pumzi inaingiza kama robo tatu tu ya oksijeni aliyoizoea mtu wa pwani. Damu inabeba mzigo pungufu, basi moyo unaongeza safari. Mapigo ya mtu aliyetulia yakipanda kwa sehemu ya kumi, hata theluthi, siku za kwanza, hiyo ni kazi ya kawaida ya mwili. Kinachofuata ndicho cha kuangalia. Mapafu yanajifunza kuvuta hewa zaidi, figo zinarekebisha damu, ndiyo maana mtu anakojoa mara kwa mara, na baada ya siku chache mapigo yanaanza kushuka, ingawa hayarudi mara moja yalipokuwa pwani.

"Usiniletee namba ya leo peke yake, mwanangu," alisema. "Niletee ya jana na ya leo, na uniambie kichwa kinasemaje."

Mdogo wangu alifika siku hiyo hiyo jioni. Alipanda basi la usiku kutoka Dar, akashuka Chimala, akaunganisha gari la kupanda Hamsini na Saba, ile barabara yenye kona 57 zinazopanda ukingo wa mlima. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 2,600 hakulala hata usiku mmoja mahali pa katikati. Hilo ndilo kosa letu, na mimi nililijua kosa hilo nikalinyamazia kwa sababu alikuwa na nguvu kuliko mimi. Nilidhani kifua cha mkimbiaji kingemkinga. Hakimkingi, mtu mwenye mazoezi huugua sawa na mwingine, na mara nyingi huumia zaidi kwa sababu hataki kupumzika.

Jioni ile Mama Nesi alimpima kwa kile kifaa cha kubana kidole alichonunua wakati wa Korona. Mapigo 78, oksijeni asilimia 93. Yangu ilikuwa 94. Tukala viazi na maharage, tukalala.

Usiku alianza kuumwa kichwa. Asubuhi alisukuma chai pembeni, akasema anasikia kichefuchefu. Mapigo yalikuwa 92. Mimi siku hiyo nilikuwa na 73, yameanza kushuka. Hapo tayari njia zetu zilikuwa zimeachana: ndani ya nyumba moja, mapigo yangu yanashuka, yake yanapanda, na kichwa kinamuuma. Maumivu ya kichwa pamoja na kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu, saa chache baada ya kupanda, ndiyo sura ya kawaida ya ugonjwa wa mwinuko. Angetakiwa akae chini siku hiyo. Alimeza dawa ya maumivu, akasema tumekuja kuona maua, tukaenda. Nilimruhusu. Mpaka leo najilaumu.

Tulitembea pole pole, lakini kila kilima kidogo alisimama. Saa tisa alasiri tulipomfikisha kwa Mama Nesi alikuwa ametapika mara mbili. Kifaa kikaonyesha oksijeni 79, huku mapigo yakirukaruka kwenye kioo. Mama hakuiamini namba hiyo. Vidole vya mdogo wangu vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni, na damu isipofika vizuri kidoleni kifaa hubahatisha. Akamwambia aweke mikono kwapani, ajifunike blanketi, akae kimya nusu saa. Kisha akapima tena, akahesabu na mapigo ya kifundoni kuhakikisha yanalingana na ya kwenye kioo. Safari hii namba zilitulia: mapigo 104, oksijeni 86. Akatazama kifua chake akahesabu pumzi: 24 kwa dakika, kwa mtu aliyekaa tu. Oksijeni yangu, kwa kifaa kile kile, ilikuwa 94.

Hakukimbilia kusema ni mwinuko. Mtu wa Dar mwenye kichwa, kutapika na mapigo ya juu lazima kwanza afikiriwe malaria, na homa nayo hupandisha mapigo, kama kumi kwa kila digrii moja. Kipimajoto kikasema 36.8, na zahanati kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu; hata hivyo, malaria isingeeleza vizuri oksijeni kushuka namna ile. Akauliza pia kama tulilala na jiko la mkaa chumbani, maana baridi ya kule inawashawishi wageni. Moshi wa mkaa usioonekana huleta kichwa kile kile na kichefuchefu kile kile, tena unakidanganya kifaa kikaonyesha oksijeni nzuri kumbe damu imebeba sumu. Hatukuwa na jiko.

"Mapigo zaidi ya mia akiwa amekaa, pumzi fupi, na oksijeni yake iko mbali na ya mwenzake," alisema. "Hapa hatungoji asubuhi. Nikisubiri maji yajae kwenye mapafu nitakuwa nimechelewa. Mshushe."

Mjomba alipata gari saa kumi na nusu. Nilikaa nyuma na mdogo wangu, nimemwegemeza, kifaa cha Mama Nesi kidoleni mwake. Kona baada ya kona tulikuwa tukiteremka kuelekea joto la Usangu, jumla karibu mita 1,500. Katikati ya mteremko aliacha kuhema haraka haraka. Karibu na kona za mwisho akaomba maji, akayanywa yakakaa. Chimala mapigo yalikuwa 82 na oksijeni 96. Hospitalini walimsikiliza mapafu, wakakuta hayana mkoromo, wakamweka chini ya uangalizi usiku kucha.

Asubuhi nilihesabu mwenyewe kifundoni kabla hajaamka. 64. Nikampigia Mama Nesi, akauliza swali moja tu: "Amekula?" Nikamwambia yuko kwenye chapati ya pili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema asithubutu kupanda tena wiki hiyo, na siku akirudi alale kwanza Mbeya usiku mbili.

Alirudi Februari mwaka uliofuata, akalala Mbeya usiku mbili na Matamba mmoja. Asubuhi ya kwanza Kitulo mapigo yake yalikuwa 70, ya tatu 65, na kichwa hakikumuuma.